Pateni ya saizi 40 imekaa vizuri, nikitoa mpaka 52 bega linaanguka na mkono unabana, tatizo ni nini?

Zaitun_Mbagala

Habari zenu wakuu, hasa mafundi wa pateni mliomo humu. Nina gauni nataka kuanza kuuza kwa oda mtandaoni, la poplini, mkono mrefu, shingo ya duara, kiuno kimekatwa, dati za kifua zinatokea ubavuni. Sampuli ya saizi 40 imekaa vizuri kabisa sina la kulalamika. Nikampa fundi mmoja wa pateni anitolee 36 mpaka 52, akanitolea.

Sasa 42 na 44 ziko safi. 46 kidogo kuna kitu hakiko sawa ila mteja hawezi kugundua. Nikashona 52 nikamvalisha dada yangu ambaye kifua chake ni 122, yani nilitaka kulia. Bega limeshuka mpaka kwenye mkono, shingo imefunguka sidiria inaonekana, kwapa linaning'inia chini, ALAFU mkono wenyewe unabana kwenye msuli. Hapo ndo nashindwa kuelewa, kwapa kubwa hivyo mkono unabanaje? Na mbele pindo limepanda kama vidole viwili, nyuma limekaa sawa. Kifua nacho akivuta pumzi vifungo vinavutana.

Karatasi ya fundi inasema hivi kila saizi: kifua kizima 4, shingo 0.5 kila upande, bega 0.5, kwapa kushuka 1, upana wa mkono 1, urefu wa mbele na nyuma 0.5. Zote sentimita. Amekosea wapi? Maana saizi ndogo hizo hizo hesabu zimekubali.

ChumaChaPua

Hizo namba za kuongeza ongeza ndo zinawachanganya. Saizi kubwa ni ile ndogo iliyokuzwa tu. Chukua kifua cha dada 122 gawa kwa 92 ya mwili wa saizi 40 unapata asilimia, peleka pateni kwenye mashine ya kukuza michoro, toa copy, kata. Kila kitu kinakua kwa uwiano mmoja, hakuna bega kuanguka wala nini. Mimi nafanya hivyo kwenye mikoba na inatoka vizuri.

Mzee_wa_Mkasi

Mkoba hauna mifupa kijana. Hebu fanya hiyo hesabu yako mpaka mwisho. 122 kwa 92 ni kama 1.33. Bega la saizi 40 ni sm 12.5, kuza hivyo linakuwa 16.6. Mkono wenye urefu wa 60 unakuwa karibu 80. Mgongo kutoka shingo mpaka kiuno 42 unakuwa karibu 56, yani kiuno cha gauni kitakaa kwenye nyonga. Dada yake Zaitun hakurefuka, amenenepa. Kuna sehemu za mwili zinakua sana, zingine kidogo, zingine hazikui kabisa, na kazi yote ya kugredi ni kujua ipi ni ipi.

Zaitun mwanangu, kabla sijasema kitu nipimie vitu viwili. Gauni la 40 kifuani lenyewe, nguo si mwili, ni sentimita ngapi, na hilo la 52 ni ngapi. Na msuli wa dada yako ni ngapi na mkono wa nguo hapo ni ngapi.

Mama_Sare

Samahani naingilia. Mimi nashona sare za shule na tatizo langu linafanana, nikitoa saizi ya mtoto wa darasa la kwanza mpaka la saba mashati ya wakubwa yanakuwa mapana kama magunia na mafupi. Je nipunguze kifua?

Zaitun_Mbagala

Mzee nimepima sasa hivi. Gauni la 40 kifuani ni 100. La 52 ni 124. Mkono wa 52 kwenye msuli ni 40, msuli wa dada ni 39. Wa saizi 40 ni 34.

Mzee_wa_Mkasi

Sawa, sasa tunaonana.

Tuanze na kifua maana ndo rahisi. Mwili wa 40 ni 92, gauni ni 100, kwaiyo umeachia 8 za kupumua. Fundi wako amepanda 4 kila saizi, kutoka 40 mpaka 52 ni hatua sita, 24, ndo ukapata 124. Lakini kwenye chati za hizi saizi za Ulaya hatua haziko sawa. 40 ni 92, 42 ni 96, 44 ni 100, 46 ni 104, kuanzia hapo inaruka kwa 6: 48 ni 110, 50 ni 116, 52 ni 122. Kwaiyo gauni lako lenye kibandiko cha 52 kiukweli ni gauni la 50, na dada yako mwenye 122 amebakiwa na sm 2 tu za kupumua badala ya 8. Hapo vifungo lazima vivutane. Usidhani mwili ulibadilika ghafla kwenye 46, ni watengenezaji wenyewe wanapanua hatua ili wasiwe na saizi utitiri, na mtu mwenye kifua kikubwa sentimita 6 kwake si tofauti kubwa kama kwa mtu mwembamba.

Sasa lile la kwapa na mkono, ambalo ndo moyo wa jambo lote. Tulia nalo.

Pateni ni robo ya mwili. Kifua kikiongezeka 4, robo inaongezeka 1. Hiyo sentimita 1 lazima igawanywe pale juu: kidogo inaenda kwenye shingo, kidogo kwenye bega, inayobaki inaenda kwenye upana wa kwapa, yani ule umbali kutoka ncha ya bega kwenda nje mpaka mshono wa ubavu. Fundi wako ametoa 0.5 kwa shingo na 0.5 kwa bega. Jumla? Moja. Kwapa limebaki na sifuri. Hatua sita zote, sifuri. Ncha ya bega imesogea nje sm 6, mshono wa ubavu nao umesogea nje sm 6, kwaiyo upana wa kwapa la saizi 52 ni ule ule wa saizi 40. Alafu kwa kuwa aliona kwapa linabana akalishusha 1 kila saizi, sm 6 chini. Matokeo yake ni kwapa refu na jembamba. Linaning'inia kwa sababu ni refu, linabana kwa sababu ni jembamba. Mkono mnene hautaki kwapa lishuke, unataka kwapa lipanuke, kwa sababu mwili unapoongezeka unaongezeka unene wa ubavuni, ukimtazama mtu kwa pembeni ndo utaona.

Zaitun_Mbagala

Mzee nimesoma mara tatu. Kwaiyo kwenye 42 na 44 kosa lipo ila dogo?

Mzee_wa_Mkasi

Ndiyo, lipo tokea mwanzo. Kwenye 42 bega limezidi kama milimita 3, nani ataona. Ukizidisha hatua sita limekuwa jitu. Ndo maana saizi mbili za jirani huwa zinadanganya, unaona zimekaa vizuri unasema kanuni ni nzuri.

Mimi ningefanya hivi. Shingo 0.2 kila hatua basi. Bega 0.2 mpaka 46, kuanzia 48 nampa 0.1. Kwaiyo mpaka 52 shingo imesogea 1.2 na bega limeongezeka 0.9, jumla 2.1 badala ya 6 za fundi wako. Robo yenyewe inatakiwa iongezeke 7.5, yani 1 mara tatu na 1.5 mara tatu. Toa 2.1, zinabaki 5.4 za kwenda kwenye kwapa. Linganisha na sifuri. Kwapa kushuka nampa nusu tu kila hatua, jumla 3. Ukiona inashuka zaidi ya hapo ujue mteja akinyanyua mkono gauni zima linapanda naye.

Kiatu_Kipya

Mimi nilifundishwa kwamba mtu mnene bega haliguswi kabisa, mfupa haunenepi. Unaongeza ubavuni tu kwisha.

Mzee_wa_Mkasi

Nusu ni kweli. Mfupa haunenepi, lakini nyama inakaa juu yake. Shina la shingo linanenepa, na mgongo wa juu kati ya makwapa unapanuka. Usipoongeza chochote pale, ubavuni kutakuwa na nafasi ila mtu akikunja mikono mbele mgongo unakatika mshono. Utaijua kwa mikunjo inayovutana kutoka kwapa hadi kwapa nyuma. Kwaiyo ongeza, ila kwa mkono wa bahili.

Mkenya_wa_Athi

Niaje watu wangu. Mimi niko kwa kiwanda huku EPZ Athi River, tunashonea soko la Marekani, kazi yangu ni kupima sample kabla line ianze. Nimependa vile mzee ameeleza. Wacha niongeze vile inafanywa huku.

Mteja anatuma karatasi ya vipimo, kila saizi iko na safu yake, kifua, bega, kwapa, msuli, urefu, na mbele ya kila kipimo kuna kiasi unaruhusiwa kukosea juu ama chini. Sasa ukiangalia hizo safu unaona vile wamefikiria. Saizi ndogo kifua kinapanda inchi moja, katikati inchi moja na nusu, kubwa inchi mbili. Lakini bega hata kwa hizo kubwa linapanda kitu kidogo sana, robo inchi ama chini ya hapo. Na mkono urefu haupandi karibu kabisa. Mtu mpya akiona anadhani wamekosea.

Kitu ingine, hakuna mteja serious anachukua sample moja ya saizi ndogo akaitoa mpaka ile kubwa kabisa. Wako na msingi mbili. Moja ya saizi za kawaida, ingine ya plasi, na hiyo ya plasi inajaribiwa kwa mtu wa ukweli wa huo mwili, inarekebishwa juu yake, ndio inatolewa saizi za jirani. Ndio maana kule Marekani 18 ya kawaida na 18W si nguo moja, hata kama namba ni moja. Hiyo W imechorwa kwa mwili tofauti. Na kabla tukate kitambaa chote lazima tushone saizi kadhaa za set, ile ndogo, ile ya kati, ile kubwa, zipimwe. Nimeona oda ikisimamishwa kwa sababu ya kwapa la saizi moja tu.

Zaitun_Mbagala

Asante kaka wa Athi. Mzee, bado mkono na pindo la mbele.

Mzee_wa_Mkasi

Mkono. Msuli ni sehemu inayonenepa haraka kuliko watu wanavyodhani. Mpaka 46 ongeza 1, kuanzia 48 ongeza 2. Kwaiyo mkono wako wa 34 utafika 43, dada yako mwenye 39 anabaki na 4 za kupumua. Ulivyo sasa ana 1, na poplini haivutiki. Kifundo cha mkono usikipe zaidi ya nusu, urefu usiguse, kama una wasiwasi mpe milimita mbili.

Ukishachora, chukua futi uisimamishe kwa ubavu wake utembeze kwenye mzingo wa kwapa, mbele na nyuma, andika. Alafu tembeza kwenye kichwa cha mkono, andika. Kichwa cha mkono kizidi kwapa kwa kiasi kile kile kwenye kila saizi, kama kwenye 40 kimezidi 2, kwenye 52 kizidi 2 au 2 na kitu. Ukikuta kwenye 40 kimezidi 2 na kwenye 52 kwapa ndo limezidi mkono, usikate, kuna hesabu imeliwa mahali. Hiki kipimo wengi wanakiruka na ndo kinachowaumbua.

Pindo sasa. Kifua hakinenepi sawa mbele na nyuma. Nyuma ni ubao tu, mbele kuna matiti, na kitambaa kinapanda juu yake kisha kinashuka. Kwaiyo urefu wa mbele kutoka bega mpaka kiuno unaongezeka kama sm 1 kila saizi, wa nyuma nusu. Fundi wako ametoa nusu kote. Tofauti ni nusu kila hatua, hatua sita ni sm 3. Wewe ulisema vidole viwili. Ndo hizo 3. Titi limekula kitambaa kutoka chini kwa sababu juu hakupewa.

ChumaChaPua

Mzee hapo umenifungua, sikuwahi kuwaza urefu. Kwaiyo anaongeza tu sm 3 chini ya pindo la mbele si imeisha?

Mzee_wa_Mkasi

Hapana, ukiongeza chini pindo litanyooka lakini mshono wa kiuno bado utapanda mbele, na kwapa kwa mbele litabaki na lile tundu linalofunguka kama mdomo. Urefu uongezwe pale pale juu ya titi na uishie ndani ya dati. Ubavu wa mbele na wa nyuma lazima ulingane kushonwa, kwaiyo ile 3 iliyozidi mbele inaingia kwenye dati. Dati ya Zaitun kama ni ya 3 kwenye saizi 40, kwenye 52 inakuwa ya 6.

Na dati ya 6 ina shida yake, mwisho unachongoka kama kuna kitu kimefichwa pale. Kwaiyo ama uigawe dati mbili, moja ubavuni na nyingine chini kwenye mshono wa kiuno, ama saizi kubwa uzishone prinsesi kati, ule mkato unaopita juu ya titi unameza kila kitu bila ncha. Pia titi lenyewe linashuka, dati isibaki pale pale, iteremke na iishie mbali kidogo na ncha. Kwenye 40 unaacha kama 2.5 kabla ya ncha, kwenye 52 acha 4.

Mama_Sare

Wakuu na mimi swali langu.

Mzee_wa_Mkasi

Mama yangu nisamehe, nilikuona. Kwako ni kinyume cha hili la Zaitun. Mtoto anarefuka kwanza, unene unafuata polepole. Ndo maana nguo za watoto za Ulaya zinaitwa kwa urefu wa mtoto, 116, 122, 128, zinapanda kwa sentimita 6. Wewe inaelekea unatumia kanuni ya watu wazima, unawapa kifua 4 na urefu kidogo. Anza na urefu, mkono na shati virefuke vya kutosha, kifua kipe kidogo. Halafu kuanzia darasa la tano au la sita wasichana tenga pateni yao, wanaanza kubadilika umbo na shati la mvulana halitawakaa.

Mama_Sare

Nashukuru sana, hili la kuwatenga sikuwa nalo.

Bi_Mwana_Tanga

Shikamoo Mzee. Nami niseme langu. Yote ya juu nakubaliana nayo, ila kiunoni na nyongani hizo chati zinanitesa kila siku. Mimi nina duka la nguo za kinamama hapa Tanga. Nikifuata chati ya hizi saizi, 40 kiuno 74 nyonga 98, tofauti 24, nikifika 52 kiuno 104 nyonga 128, tofauti bado 24. Sasa mteja wangu mwenye nyonga 128 anakuja kiuno 95, mwingine kiuno 115, nyonga hiyo hiyo. Wa kwanza sketi inamfungukia nyuma kiunoni unaweza kutia ngumi, wa pili zipu haifungi. Ipi ndo saizi 52?

Mzee_wa_Mkasi

Marahaba binti. Hapo umegusa mahali chati nyingi ni dhaifu. Mimi nimeona miili mikubwa kiuno kinanenepa haraka kuliko kifua na nyonga, mtu anaanza kunyooka, kwaiyo kuanzia 48 kiuno nakipa 7 pale chati inaposema 6, na ile ya ziada naiweka mbele maana tumbo liko mbele. Ukiigawa sawa mbele na nyuma, nyuma panalegea na mbele panabana.

Bi_Mwana_Tanga

Mzee wangu kwa heshima zote, hapo kwangu haikubali. Wateja wangu wengi wanene wananenepa nyonga na makalio, kiuno kinabaki. Nikiwapa hiyo 7 nitarudishiwa sketi zote. Mimi kiuno cha 48 kwenda juu nakipa 5, nyuma naweka dati mbili kila upande na mshono wa katikati nyuma naachia kitambaa cha kutosha ndani, mteja akija nafungua au nabana. Na nyonga nikiongeza naongeza zaidi kwa nyuma, na urefu wa nyuma pia kutoka kiuno mpaka nyonga, la sivyo sketi inapanda nyuma kama lile gauni la Zaitun lilivyopanda mbele.

Mkenya_wa_Athi

Mama wa Tanga ameongea ukweli, na iko sababu ya historia. Hizi chati za saizi za kike kwa Marekani zimetoka kwa upimaji wa Wizara yao ya Kilimo, 1939 na 1940, walipima wanawake karibu 15,000, ripoti ikatoka 1941. Lakini waliohesabiwa mwishowe ni wazungu peke yao, vipimo vya wengine viliwekwa kando. Kutoka hapo ndio standard ya 1958 ikachorwa, na 1983 serikali yao ikaiondoa, ikawa kila kampuni inachora chati yake. Ukishika chati yoyote uliza ilipimwa kwa nani.

Kiatu_Kipya

Kwaiyo mnasema chati ni takataka? Mtu anayeanza atashika nini sasa.

Mzee_wa_Mkasi

Hakuna aliyesema hivyo. Chati inakupa pa kuanzia na inafanya saizi zako zipishane kwa mpangilio. Ila haijui kama tumbo liko mbele au makalio yako nyuma. Binti wa Tanga anajua wateja wake, mimi najua waliopita kwangu, na wengi wao walikuwa mama zetu waliokwisha zaa na umri umeenda. Inawezekana kabisa ndo chanzo cha tofauti yetu, mimi sitamlazimisha 7 yangu.

Dogo_Ovaloki

Si ashone kwa jezi tu au kitambaa chenye laikra? Kinavutika, matatizo yote yanaisha.

Bi_Mwana_Tanga

Kitambaa cha kuvutika kitasamehe msuli na kifua mdogo wangu, hilo kweli. Bega hakisamehi. Bega la sm 15.5 kwenye mwili wenye bega la 13 litaanguka hata kwa jezi, tena kwa jezi ndo litaanguka zaidi kwa sababu ya uzito wa mkono. Na mbele kama urefu haupo, jezi itavutika juu ya titi na pindo litapanda vile vile.

Zaitun_Mbagala

Jamani nimekaa na karatasi ya khaki tangu asubuhi. Nimechora mbele ya 52 kwa namba za Mzee nikaiweka juu ya ile ya fundi, ncha ya bega imerudi ndani karibu sm 4! Kwapa jipya ni pana kama yai lililolala, la fundi lilikuwa kama tundu la sindano. Ila nimepanga zote kuanzia 36 mpaka 52 moja juu ya nyingine kama nilivyoona mtu anafanya, na kwenye mzingo wa kwapa la mbele mistari ya 46 na 48 imegusana karibu ikatane. Ni kawaida?

Mzee_wa_Mkasi

Hapana, na umefanya vizuri kuzipanga. Mistari ikipangwa hivyo inatakiwa ipishane kama ngazi, nafasi ndogo ndogo zinazofanana mpaka 46, baada ya hapo nafasi kubwa zaidi lakini nazo zinafanana. Mistari ikigusana au kukatana kuna nukta moja imesogezwa vibaya. Nadhani kwenye 48 umesogeza ubavu kwa 1.5 ila ile alama ya katikati ya kwapa, pale kifua cha juu kinapopimwa, umeiacha na hatua ya zamani, kwaiyo mzingo umepinda ndani. Iangalie hiyo alama.

Zaitun_Mbagala

Ndo hiyo hiyo! Niliisahau kwenye 48, 50 na 52 zote.

Mkenya_wa_Athi

Zaitun ushauri wangu, usiende moja kwa moja kushona 52 kwa poplini. Shona 48 kwanza kwa marekani ile nyeupe ya bei rahisi, mvalishe mtu wa kifua 110, rekebisha juu yake na pini, hayo marekebisho yarudishe kwa karatasi. Hiyo 48 ndiyo iwe msingi wako wa pili. Toa 46, 50 na 52 kutoka kwa hiyo, na 36 mpaka 44 zibaki kwa msingi wako wa 40. Hapo hakuna saizi iko mbali na msingi zaidi ya hatua mbili, hata kama kanuni iko na kosa kidogo haipati nafasi ya kukua.

Zaitun_Mbagala

46 nayo nitoe upande upi, kwenye 40 au 48? Maana zimekutana hapo.

Mkenya_wa_Athi

Huku tungetoa zote mbili. 46 ya kawaida na 46 ya plasi, kwa sababu kuna mwanamke wa kifua 104 mrefu mwenye mabega, na kuna mwingine wa 104 amejaa kifua mbele na mikono. Lakini wewe unaanza, sijui kama utaweza kubeba stoku mbili za saizi moja.

Bi_Mwana_Tanga

Asibebe. Itoe kwenye 48. Mwenye bega pana ataona kidogo bega limeingia ndani, si kitu, mwenye mikono minene akipewa ile ya 40 hataingia kabisa.

Mzee_wa_Mkasi

Mimi ningeitoa kwenye 40, kwa sababu dati bado ni moja na gauni linabaki na sura ile ile ambayo mteja aliiona kwenye picha. Ukiitoa kwenye 48 yenye dati mbili, mteja wa 46 na rafiki yake wa 44 wamenunua nguo mbili tofauti. Lakini hoja ya mikono ya binti wa Tanga ni nzito. Zaitun zishone zote mbili kwa marekani, tafuta kinamama wawili wa 104 wasiofanana, wavalishe zote, utuletee picha za mgongoni na za pembeni. Za mbele hazitatusaidia.

Zaitun_Mbagala

Sawa Mzee. Mmoja ninaye hapa jirani. Wa pili nitamtafuta, na nikishona nitazileta humu humu kwenye uzi.